Maoni ya Mwalimu: "Aidha" Si "Ama", na Kitenzi Kisiachwe Yatima

Ndugu mtahiniwa, kabla hujaingia kwenye maswali ya majaribio ya sura hii, naomba usome maoni yangu kuhusu jambo moja la sarufi. Ni jambo la viunganishi vinavyotembea wawiliwawili: ama na au, si na wala, si na bali, pamoja na maneno kama "vyote viwili" na "hata kimoja". Nimesahihisha insha za wanafunzi wa kidato cha nne hapa Morogoro kwa miaka kadhaa, na makosa ya viunganishi hivi ndiyo ninayokutana nayo kila wiki. Kosa lenyewe huwa na sehemu mbili. Kwanza mwandishi hajaamua kama anataka kimoja, viwili au sifuri. Pili, kwa kuwa hajaamua, kiambishi cha kitenzi nacho anakibahatisha.

Nianze na kisa cha nyumbani. Mama yangu mdogo anaishi upande wa Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, ambako hulima ndizi na iliki. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha kusafisha mfereji wa maji. Siku moja alichelewa kazini, na kesho yake akaletewa karatasi ya kanuni za kikundi. Kanuni moja ilisema: "Mwanachama atakayechelewa atalipa faini ya shilingi 2,000 aidha atasafisha mfereji siku moja." Mama mdogo ni mtu wa sheria. Alilipa shilingi 2,000, kisha alfajiri ya siku iliyofuata akachukua jembe akaenda kusafisha mfereji peke yake. Katibu alipomkuta huko alishangaa. "Mama, ulishalipa. Umekuja kufanya nini?" Mama mdogo akamjibu, "Mwanangu, si mmeandika nilipe, tena nisafishe?"

Watu walicheka, lakini mimi niliposimuliwa sikucheka. Kwa Kiswahili, mama mdogo alisoma sawasawa na katibu ndiye aliyeandika vibaya. Neno "aidha" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni "vilevile", "tena", "zaidi ya hayo". Ni neno la kuongeza. Katibu, aliyepita kidato cha nne kama utakavyopita wewe, alitaka neno la kuchagua. Wenye Kiingereza wanalo neno lao la kuchagua kimoja kati ya viwili ambalo, likitamkwa, masikio yetu hulisikia karibu sawa na "aidha". Katibu aliwaza kwa Kiingereza, akaandika kwa Kiswahili, na mwanamke wa watu akalipa adhabu mbili kwa kosa moja.

Kanuni ile ilipaswa kusomeka hivi: "Mwanachama atakayechelewa ama atalipa faini ya shilingi 2,000 au atasafisha mfereji siku moja." Unaweza pia kusema "ama atalipa, ama atasafisha". Zote mbili ni sahihi. Na kama kikundi kingetaka adhabu zote mbili kweli, kingeandika: "atalipa faini ya shilingi 2,000, aidha, atasafisha mfereji siku moja." Hapo "aidha" ingekuwa kwake.

Kipimo chake ni chepesi. Kila unapotaka kuandika "aidha", weka "vilevile" mahali pake kisha usome sentensi. "Vilevile mvua au upepo umeangusha migomba." Umesikia? Haisimami. Basi ulihitaji "ama". Lakini "Wakulima walipanda miti. Vilevile, walichimba makingamaji" inasimama vizuri, kwa hiyo "Aidha, walichimba makingamaji" ni sahihi.

Wapo wenzangu wanaosema lugha hukua, na kwamba kwa kuwa watangazaji na waandishi wengi husema "aidha hiki au kile", tuiache ipite. Nakubali kwamba lugha hukua. Lakini ukuaji una faida yake na hasara yake, na hapa naona hasara tu. Lugha ikiwa na neno moja linaloweza kumaanisha "chagua kimoja" na pia "chukua viwili", mkataba, kanuni ya kikundi na agizo la daktari vyote vinakuwa hatarini. "Ama" tunayo, ni fupi, na haimchanganyi mtu. Sioni sababu ya kuiacha. Kwenye karatasi ya mtihani sababu hiyo ina uzito zaidi, kwani utata katika mawasiliano ni mada unayotahiniwa.

Amua idadi kwanza

Sasa tuje kwenye kitenzi. Maoni yangu ni kwamba upatanisho wa kisarufi katika sentensi hizi hauanzi kwenye ngeli. Unaanza kwenye hesabu. Kabla hujaweka kiambishi, jiulize: je, tendo hili linawahusu wote wawili, mmoja wao, au hakuna hata mmoja?

Tuchukue watu wawili, Zaina na Abdu, na mlima wa Bondwa ulio juu ya mji wetu. Wakiwa wamepanda wote wawili, tunasema: "Zaina na Abdu wamepanda Bondwa." Kiunganishi "na" kimejumlisha, kwa hiyo kitenzi kimechukua kiambishi cha wingi, wa-. Kama atapanda mmoja tu na bado hatujui yupi, tunasema: "Ama Zaina au Abdu atapanda Bondwa." Majina ni mawili, lakini mpandaji ni mmoja, kwa hiyo kiambishi ni a-. Ukiandika "Ama Zaina au Abdu watapanda", umetoa kwa mkono wa kushoto kile ulichotoa kwa mkono wa kulia: mwanzo wa sentensi unasema mmoja, mwisho unasema wawili. Na kama hakupanda yeyote, tunasema: "Si Zaina wala Abdu aliyepanda Bondwa." Hapa pia ni umoja, kwa sababu tunamkana mmoja baada ya mwingine.

Hali hiyo ya mwisho ina mlango mwingine. Unaweza kusema "Hata mmoja kati yao hakupanda", na kitenzi kitakuwa katika umoja kwa kuwa kinapatana na "mmoja". Au useme "Wote wawili hawakupanda", na kitenzi kitakuwa katika wingi kwa kuwa kinapatana na "wote wawili". Habari ni ileile, lakini kiambishi kimebadilika kwa sababu neno linalotawala limebadilika. Mwanafunzi anayeandika "Hata mmoja kati yao hawakupanda" amelisahau neno "mmoja" na kuyafuata macho yake, ambayo yanaona watu wawili.

Angalia pia mahali unapoweka ukanushi. Wakati wa masika barabara zetu za milimani huharibika. Ukisema "Barabara zote mbili hazipitiki", msafiri anajua hakuna njia. Ukisema "Si barabara zote mbili zinazopitika", msafiri anaelewa kwamba huenda moja inapitika. Ukitaka kuondoa shaka kabisa, sema "Hakuna hata barabara moja inayopitika". Kiambishi sasa ni i-, umoja wa ngeli ya I-ZI, kwa sababu ya "moja". Dereva wa gari la mboga anayetoka Mgeta anahitaji kujua tofauti hiyo kabla hajapakia.

Vitu viwili vya ngeli mbili

Kwa watu kazi ni nyepesi kwa sababu wote wamo katika ngeli moja ya YU/A-WA. Shida huanza kwenye vitu. Kiingereza hujali zaidi umoja na wingi, na wanafunzi hufundishwa kwamba baada ya jozi ya kuchagua, kitenzi hufuata nomino iliyo karibu nacho. Wengi wenu mnaichukua kanuni hiyo kama ilivyo mkaileta kwenye Kiswahili. Lakini kitenzi cha Kiswahili hakibebi idadi peke yake. Kinabeba na ngeli. Kwa hiyo kikipatana na nomino moja tu kati ya mbili, ile nyingine inabaki yatima, na msomaji anaiona.

Vitu vikiwa vya ngeli moja hakuna ugomvi. "Jembe na panga yamepotea", kwa sababu vyote ni LI-YA. "Kisu na kikapu vimepotea", kwa sababu vyote ni KI-VI. "Mgomba na mchungwa imeanguka", kwa sababu vyote ni U-I.

Sasa changanya. Jembe ni LI-YA, kikapu ni KI-VI. Ukiandika "Jembe na kikapu kimepotea", kitenzi kimekishika kikapu na kuliacha jembe. Ukiandika "Jembe na kikapu yamepotea", kikapu kinalalamika. Njia iliyozoeleka, na ninayoipendekeza kwenye mtihani, ni kutumia kiambishi vi-, kwa kuwa vyote hivyo ni vitu: "Jembe na kikapu vimepotea." Ukitaka kusisitiza kwamba hakikubaki hata kimoja, ongeza: "Jembe na kikapu vyote viwili vimepotea." Vivyo hivyo tunasema "Mvua na upepo vimeharibu mahindi", ingawa mvua ni I-ZI na upepo ni U.

Mitaani utawasikia watu wakipatanisha kitenzi na nomino ya karibu, na utawasikia wakitanguliza kitenzi kama katika "Alifika Zaina na mdogo wake". Hayo ni mazungumzo ya kawaida na simlaumu mtu. Lakini kwenye karatasi ya mtihani huna sauti wala mikono ya kukusaidia kueleza. Andika "Zaina na mdogo wake walifika", usiache mwanya.

Na vi- ina mpaka wake. Usiitumie kuunganisha mtu na kitu. "Mkulima na jembe lake vimefika" inamgeuza mkulima kuwa kifaa. Mpe mkulima kitenzi, na jembe lifuate: "Mkulima amefika na jembe lake."

Tunafika kwenye kuchagua. "Ama jembe au kikapu ..." Nini kinafuata? Hapa vi- haifai, kwa sababu tunazungumzia kimoja. Kiambishi ki- kinakifaa kikapu tu, na li- inalifaa jembe tu. Wapo wanaofuata nomino ya karibu na kuandika "Ama jembe au kikapu kimepotea." Sentensi hiyo inasikika na inavumilika. Lakini Kiswahili kina njia bora zaidi, na hapa ndipo yalipo maoni yangu makuu katika ukurasa huu: rudia kitenzi. "Ama jembe limepotea au kikapu kimepotea." Kila nomino ina kitenzi chake, na hakuna yatima.

Wanafunzi wengi huogopa kurudia kwa sababu wamefundishwa kwamba kurudia neno ni uvivu. Katika Kiswahili, kurudia kitenzi namna hii si uvivu. Sikiliza wazee wanavyosema: "Mvua haikunyesha wala jua halikuwaka." Hawasemi "Wala mvua wala jua havikunyesha kuwaka." Kila nomino inapewa tendo lake na kiambishi chake, na sentensi inatembea kwa miguu miwili. Kama marudio yanakuwa marefu mno, unaweza kukata kitenzi cha pili: "Ama jembe limepotea, au kikapu." Kitenzi kimekwisha kupatana na nomino iliyokitangulia, na ile ya pili inaeleweka.

Kipimo cha kidole

Nikiwa darasani huwaambia wanafunzi watumie kidole. Sentensi ikiwa ya kuchagua au ya kukana, na nomino mbili zinagombea kitenzi kimoja, funika nomino ya kwanza kwa kidole usome. Kisha funika ya pili usome. Sentensi ikisimama mara zote mbili, upatanisho ni salama. Ikianguka mara moja, rudia kitenzi.

Tujaribu: "Ama mwalimu au wanafunzi wataondoa mawe." Funika "mwalimu": "wanafunzi wataondoa mawe." Inasimama. Funika "wanafunzi": "mwalimu wataondoa mawe." Imeanguka. Basi andika: "Ama mwalimu ataondoa mawe au wanafunzi watayaondoa." Umeona pia kwamba katika sehemu ya pili "mawe" hayakurudiwa. Yamewakilishwa na -ya- ndani ya kitenzi. Kiswahili kimekupa kitenzi chenye nafasi nyingi, zitumie.

Kwa "wala" kuna sharti moja zaidi. "Wala" haianzishi ukanushi, huuendeleza. Lazima kitu kikanushwe kabla yake, na kitenzi kinachoifuata ama kiwe na ukanushi wake au kiwe katika hali ya ku-. Kwa hiyo "Hakula wala hakunywa" ni sahihi, na "Hakula wala kunywa" ni sahihi. "Hakula wala alikunywa" si sahihi, na "Alikula wala kunywa" haieleweki kabisa.

"Bali" nayo ina tabia hiyo. Huja kusahihisha au kupanua kitu kilichokwisha kukanushwa. "Alifika bali hakukaa" si sahihi, kwa kuwa "alifika" haijakanushwa. Tumia "lakini". Ukiitumia pamoja na "si ... tu", weka "tu" mara baada ya kile unachokiwekea mpaka. "Mto Ruvu hauwanyweshi watu wa milimani tu, bali pia watu wa Dar es Salaam." Hiyo ni kweli na imekaa sawa. Ukiisogeza "tu" ukasema "Mto Ruvu tu hauwanyweshi watu wa milimani", umesema habari nyingine kabisa: kwamba mito mingine huwanywesha, isipokuwa Ruvu.

Na kitenzi je? Tazama sentensi hii ya mwanafunzi: "Si maharage tu, bali na njegere zinalimwa Nyandira." Tumia kidole. "Njegere zinalimwa" inasimama. "Maharage zinalimwa" inaanguka, kwa kuwa maharage ni LI-YA. Unaweza kurudia kitenzi, lakini kuna njia ya pili iliyo nzuri zaidi hapa. Itoe jozi kwenye nafasi ya kiima uipeleke kwenye nafasi ya yambwa: "Wakulima wa Nyandira hulima si maharage tu, bali na njegere." Sasa kiima ni kimoja, wakulima, na jozi imekaa baada ya kitenzi ambako haihitaji kiambishi. Tena kitenzi "hulima" cha mazoea hakichukui kiambishi cha ngeli kabisa. Sentensi iliyokuwa na ugomvi sasa haina la kugombania.

Aya moja, sentensi nne zenye makosa

Hii hapa aya niliyoitunga kwa kukusanya makosa ninayoyaona mara nyingi kwenye insha za mazingira. Isome kwanza, kalamu mkononi, kabla hujasoma masahihisho.

"Aidha mvua kubwa au moto wa kiangazi unaharibu mteremko wa Lupanga. Miti na udongo umepungua. Wala kamati wala wanakijiji wanalinda chemchemi. Si tu maji yamepungua, bali pia samaki zimepungua."

Sentensi ya kwanza ina "aidha" isiyo yake. Lakini usikimbilie kuandika "ama". Anza na hesabu. Je, mwandishi anataka kusema kwamba kinachoharibu ni kimoja tu kati ya mvua na moto? Hapana. Moto wa kiangazi huondoa majani yanayofunika udongo, kisha mvua kubwa zinapokuja huuchukua udongo ulioachwa wazi. Vinashirikiana. Kwa hiyo hapa panahitajika "na": "Mvua kubwa na moto wa kiangazi vinaharibu mteremko wa Lupanga." Kosa halikuwa la neno tu. Lilikuwa la fikra, na neno ndilo lililolifichua.

Sentensi ya pili imeliacha neno "miti" yatima, kwa kuwa u- imepatana na "udongo" peke yake. Andika "Miti na udongo vimepungua", au bora zaidi, "Miti imepungua na udongo umepungua."

Sentensi ya tatu ina "wala" isiyo na ukanushi wowote. Vilevile "kamati" ni I-ZI na "wanakijiji" ni YU/A-WA, kwa hiyo kidole kitaiangusha. Rudia kitenzi: "Kamati haizilindi chemchemi, wala wanakijiji hawazilindi."

Sentensi ya nne imeiweka "tu" kabla ya kinachowekewa mpaka, kwa kufuata mpangilio wa Kiingereza, na imesahau kwamba samaki ni kiumbe hai, hivyo hupatana kama YU/A-WA. Andika: "Si maji tu yaliyopungua, bali na samaki wamepungua."

Ukiunganisha masahihisho, aya inakuwa hivi: "Mvua kubwa na moto wa kiangazi vinaharibu mteremko wa Lupanga. Miti imepungua na udongo umepungua. Kamati haizilindi chemchemi, wala wanakijiji hawazilindi. Si maji tu yaliyopungua, bali na samaki wamepungua." Aya haijaongezeka hata neno moja, na hakuna msomaji atakayeuliza nani amefanya nini.

Jipime

Sahihisha sentensi hizi tatu, kisha linganisha na majibu yaliyo chini yake.

1. Aidha baba au mama watakuja kwenye kikao.
2. Kitabu na kalamu imeibiwa.
3. Hata mmoja kati ya wagonjwa wawili hawakupona.

Majibu: (1) Ama baba au mama atakuja kwenye kikao. Anakuja mmoja, kwa hiyo kiambishi ni a-. (2) Kitabu na kalamu vimeibiwa. Ngeli ni mbili na vyote ni vitu. (3) Hata mmoja kati ya wagonjwa wawili hakupona. Kitenzi kinapatana na "mmoja".

Mama yangu mdogo bado anasafisha mfereji zamu yake inapofika. Kanuni ya kikundi ilifutwa ikaandikwa upya, na safari hii walimpa yeye aisome kabla haijapigwa muhuri. Alipofika kwenye "ama atalipa au atasafisha" alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamuuliza katibu kama shilingi 2,000 zake zitarudishwa, au siku yake ya kazi ndiyo itakayorudishwa. Katibu akamwambia achague. Mama mdogo akachagua fedha.